Ukurasa umeganda baada ya OTP: mteja amekatwa au hajakatwa?

*Shikamoo mtaalamu. Nina duka la taa za sola na vifaa vya dagaa hapa Kirumba, na tumefungua tovuti ili wateja wa visiwani walipie kwa kadi. Shida ni kwamba mteja akibonyeza Lipa anapelekwa benki yake, anaweka OTP, halafu ukurasa unazunguka tu hauishi. Jana mmoja wa Nansio alilipia taa za 385,000, akanitumia picha ya meseji ya benki kuwa amekatwa, ila kwangu oda inasema haijalipwa. Nimpe mzigo au nimwambie alipe upya? Na mbona nikijaribu mimi inapita, na wenye iPhone hawalalamiki? Logi ya oda nimeambatanisha.*

Marahaba. Usimwambie alipe upya, na mzigo usiutoe kwanza. Ingia kwenye dashibodi ya lango lako la malipo, yaani kampuni inayokupokelea malipo ya kadi, tafuta kwa namba ya oda, KM-2741, usome hali ya malipo iliyoandikwa pale. Ikisema yamekamilika, na kiasi ni 385,000 kamili, taa zipande feri ya kwanza ya kwenda Nansio. Ikisema yameshindikana, hapo ndipo mteja anaweza kulipa tena. Ikisema bado yanasubiri, nawe subiri. Kwa jinsi ninavyoisoma logi yako, nategemea utakuta yamekamilika. Nitakueleza kwa nini, maana ukishaelewa hapo hutahitaji kuniuliza kwa oda nyingine.

Kati ya kubonyeza Lipa na fedha kuingia kwenye akaunti yako kuna hatua tatu, na watu wengi huziona kama moja. Ya kwanza ni uthibitisho: benki ya mteja inataka kujua kama anayetumia kadi ndiye mwenyewe. Hiyo ndiyo skrini ya OTP, na utaratibu wake unaitwa 3D Secure. Kwenye simu ya mteja huenda ikaandikwa Visa Secure au Mastercard ID Check. Ya pili ni idhini: lango linaiuliza benki kama kadi ina 385,000, na benki ikikubali inazizuia fedha hizo, salio analoweza kutumia mteja linapungua, na meseji inatoka. Ya tatu ni ukusanyaji, pale fedha zilizozuiwa zinapodaiwa rasmi ili zije kwako. Malango mengi huunganisha ya pili na ya tatu moja kwa moja, lakini bado ni hatua mbili.

Sasa angalia OTP iko wapi. Iko kwenye hatua ya kwanza, ambako hakuna shilingi inayotembea. Mteja anaweza kuweka OTP sahihi, benki ikamtambua vizuri kabisa, kisha sekunde mbili baadaye idhini ikakataliwa kwa sababu salio halitoshi au kadi imewekewa kikomo cha manunuzi ya mtandaoni. Kwa hiyo mteja akikuambia "nimeweka OTP ikakubali", amekuambia kweli, lakini hajakuambia kama amelipa.

Swali linalofuata ndilo linaloamua kila kitu: baada ya OTP, nani anaomba idhini? Kuna tovuti zinazoomba zenyewe. Mteja anarudi kutoka benki, seva ya duka inapokea matokeo ya uthibitisho, halafu seva hiyohiyo ndiyo inayoliagiza lango likate. Kwa mpangilio huo, mteja akikwama wakati wa kurudi, idhini haikuombwa kabisa na hakuna kilichokatwa. Lakini wewe unatumia ukurasa wa lango: mteja anatoka dukani kwako, anajaza kadi kwao, wao wanampeleka benki, wanampokea, wanaomba idhini, ndipo wanamrudisha kwako. Mteja anapofika mlangoni kwako jibu la benki limeshatoka, liwe ndiyo au hapana. Kinachoganda kwako ni safari ya kurudi tu.

Ndiyo maana mteja anapopiga simu, swali la kwanza kumuuliza ni anwani iliyo juu ya kivinjari. Ikiwa ni ya benki na hajaweka OTP, hakuna kilichokatwa. Ikiwa ni ya lango, hatujui, lazima tuulize. Ikiwa ni ya duka lako, jibu lipo tayari kwenye lango. Mwambie akutumie picha ya skrini nzima pamoja na anwani. Picha ya kale kaduara kanachozunguka peke yake haikusaidii kitu.

Meseji ya benki nayo uisome inavyostahili. Ikiwa ya kweli, inaonyesha kwamba idhini ilitolewa na salio limeguswa. Haionyeshi kwamba lango lilipata hilo jibu, wala kwamba fedha zinakuja kwako. Hutokea benki ikasema ndiyo, jibu likapotea njiani kabla ya kufika kwenye lango, lango likaandika kwamba muamala umeshindikana, na fedha za mteja zikabaki zimezuiwa hazina mwenyewe. Zaidi ya hapo, picha ya meseji ni kitu rahisi sana kughushi. Pokea picha kwa heshima, tumia saa na kiasi kilichoandikwa humo kutafutia muamala, ila mzigo utoke kwa jibu la lango tu. Unaweza pia kumuuliza mteja tarakimu nne za mwisho za kadi yake ukalinganisha na zilizo kwenye dashibodi. OTP, namba nzima ya kadi na zile tatu za nyuma usimuulize kamwe, hata kama anataka kukupa mwenyewe.

Dashibodi inakufaa kwa oda moja. Kwa kazi ya kila siku, seva yako iwe inauliza yenyewe. Kila lango lina njia ya kuulizia hali ya muamala, ukitumia kumbukumbu uliyopewa wakati oda inaanzishwa. Kwa wanaotumia Pesapal, kwa mfano, njia hiyo ni `GetTransactionStatus`, na katika jibu lake `status_code` ya 1 ni `COMPLETED`, 2 ni `FAILED`, 3 ni `REVERSED` na 0 ni `INVALID`. Majina hubadilika kutoka lango hadi lango, lakini jambo ni lile lile. Usitosheke na neno la hali peke yake. Linganisha kiasi, sarafu na namba ya oda na vilivyo kwenye hifadhidata yako, kisha hifadhi namba ya uthibitisho inayokuja na jibu. Siku mteja akienda benki kulalamika, namba hiyo ndiyo itakayoupata muamala. Jina lake na jina la duka lako vitawachosha tu wahudumu wa dirishani.

Anayesubiri hajashindwa. Hapo ndipo wauzaji wengi wanapoharibu: wanaona muamala unasubiri, wanamwambia mteja ajaribu tena, na baada ya dakika chache yote miwili inakamilika. Mvuvi aliyetoa 385,000 ya taa sasa ametoa 770,000, na giza la dagaa limebakiza siku tatu. Uliza baada ya dakika mbili, uliza baada ya kumi, uliza baada ya saa moja. Kama bado haijaeleweka, wapigie lango uwape kumbukumbu. Na mteja akitaka kujaribu tena mwenyewe, mfumo wako uangalie kwanza hali ya jaribio la kwanza kabla ya kumfungulia jingine kwa oda hiyohiyo.

Je, lango likisema imeshindikana na mteja kweli salio limepungua? Hapo fedha zimezuiwa benki kwake, hazijafika kwako, na huwezi kumrudishia kitu usichokipokea. Lango linaweza kutuma agizo la kuifuta idhini, na benki nyingi huachia zuio zenyewe likikaa siku kadhaa bila kudaiwa. Idadi ya siku ni utaratibu wa benki husika. Mweleze hivyo waziwazi, mpe kumbukumbu ya muamala na saa kamili, aende nayo benki yake. Ikiwa fedha zilikusanywa kweli na wewe huna mzigo wa kumpa, hilo ni jambo jingine: unarejesha kupitia lango lilelile, ziende kwenye kadi ileile. Usimtumie kwa simu fedha alizolipa kwa kadi, maana kesho akilalamika benki na benki ikamrudishia, utakuwa umelipa mara mbili.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Hii ndiyo sehemu ya logi yako iliyonipa jibu:

```
10:14:50 POST /malipo/anza  302 sess=a91f oda=KM-2741
10:19:41 POST /malipo/rudi  200 sess=c07e oda=-
10:19:43 GET  /malipo/hali  404 sess=c07e oda=-
10:19:46 GET  /malipo/hali  404 sess=c07e oda=-
```

Saa 4:14 asubuhi mteja anaondoka akiwa na sesheni `a91f`, yaani alama ambayo seva yako humtambulia, na seva inajua kwamba sesheni hiyo ni ya oda KM-2741. Dakika tano zinapita. OTP imechelewa, au alitoka kwenye kivinjari kwenda kuisoma meseji. Saa 4:19 anarudi, lakini sesheni aliyorudi nayo ni `c07e`. Seva yako haimjui. Imempa sesheni mpya tupu, imemwonyesha ukurasa wa kusubiri, na ukurasa huo unauliza kila baada ya sekunde tatu: oda yangu imefikia wapi? Seva inajibu: oda gani? Itaendelea hivyo mpaka betri ya simu iishe. Nina hakika ukimuuliza atakuambia pia kwamba alijikuta ametolewa kwenye akaunti yake na kikapu ni kitupu, kwa sababu sesheni mpya imeandikwa juu ya ile ya zamani.

Sesheni ilipotelea wapi? Alama yake hukaa kwenye kuki, kipande kidogo cha data ambacho kivinjari hukihifadhi na kukirudisha kwa seva yako. Angalia mstari wa pili: lango limemrudisha kwa `POST`, yaani fomu iliyotoka tovuti nyingine kuja kwako. Kuki inaweza kutaja `SameSite`, sharti linaloamua kama itasafiri na ombi linalotoka tovuti nyingine. Tangu mwaka 2020 Chrome inaichukulia kuki isiyotaja `SameSite` kana kwamba imeandikwa `Lax`, na kuki ya `Lax` haisafiri na `POST` inayotoka tovuti nyingine. Ni ulinzi mzuri, unazuia tovuti ya mtu mbaya kutuma fomu kwa jina la mteja wako. Lakini kivinjari hakiwezi kutofautisha mtu mbaya na lango lako. Vyote viwili kwake ni tovuti nyingine.

Na hapa kuna kitu kidogo kinachoeleza kwa nini wewe ukijaribu inapita. Waliotengeneza Chrome walijua kwamba malipo ya namna hii yangevunjika, wakaacha upenyo: kuki isiyotaja `SameSite`, ikiwa ina umri usiozidi dakika mbili, inaruhusiwa kusafiri na `POST` hiyo. Wewe unafungua tovuti, unachagua bidhaa unayoijua, unaweka kadi ya majaribio na OTP unayoikumbuka kichwani. Kuki yako haijafikisha dakika mbili, inapita. Mteja wa Nansio amekaa anachagua taa, amempigia mwenzake kuuliza betri ipi inakaa usiku kucha, amesubiri meseji kwenye mtandao unaokatikakatika. Kuki yake imezeeka. Kivinjari cha Safari hakifuati sheria hii, hakiichukulii kuki isiyotaja `SameSite` kama `Lax`, na hata Chrome ya kwenye iPhone hapa kwetu hutumia injini ya Safari. Ndiyo maana wenye iPhone hawalalamiki, na wenye Android wanalalamika karibu wote isipokuwa wepesi wa mkono.

Hakikisha mwenyewe kabla ya kugusa msimbo wa tovuti. Chukua simu ya Android, fungua duka kwa Chrome, kaa dakika tano bila kufanya lolote, kisha lipa kwa kadi ya majaribio. Ikiganda, ndiyo hiyo. Isipoganda, sesheni si tatizo na tuanze kutafuta kwingine: kwa mfano ukurasa wa benki uliofunguliwa ndani ya WhatsApp, ambao mteja akiuacha kwenda kusoma meseji unaweza kufungwa na simu yenye kumbukumbu ndogo.

Dawa si kulazimisha kuki isafiri. Unaweza kuiandika `SameSite=None; Secure` na tatizo likaondoka siku hiyohiyo, lakini utakuwa umeuondoa ule ulinzi kwenye sesheni nzima ya duka kwa ajili ya ukurasa mmoja. Njia bora ni ukurasa wa kurudi usitegemee sesheni kabisa. Unapoanzisha oda, tengeneza tokeni ndefu isiyokisika, ihifadhi pamoja na oda, uitie kwenye anwani ya kurudi unayolipatia lango, mfano `/malipo/rudi?t=...`. Kisha ukurasa wenyewe uwe mfupi hivi:

```php
// usiweke session_start() kwenye faili hili
$oda  = pataOda($_GET['t']);
$hali = ulizaLango($oda['kumbukumbu']);
hifadhiHali($oda, $hali);
header('Location: /oda?t=' . $oda['t'], true, 303);
exit;
```

Mstari wa juu kabisa usiupuuze. Ukianzisha sesheni hapo, seva itatoa kuki mpya na kumtoa mteja kwenye akaunti yake, yaani utakuwa umetibu nusu. Ile 303 inakiambia kivinjari kiende kwenye ukurasa wa oda kwa `GET` ya kawaida, na `GET` inayofungua ukurasa mzima inaruhusiwa kubeba kuki ya `Lax`. Mteja anafika akiwa bado ameingia kwenye akaunti na kikapu chake kipo. Ona pia kwamba matokeo hayachukuliwi kwenye fomu iliyoletwa na kivinjari. Fomu hiyo imepita mikononi mwa mteja, anaweza kuandika humo chochote. Hali inatoka kwa `ulizaLango`, seva yako ikizungumza na lango moja kwa moja. Kama mfumo wako unakagua tokeni ya kuzuia fomu za kughushi, uuambie uiruhusu njia hii moja. Kwa kuwa huamini chochote kilichomo kwenye fomu, hupotezi kitu.

Ukurasa wa oda nao uwe na mwisho. Uulize hali kwa dakika moja, kisha uache kuzunguka na uandike maneno ambayo mtu atayaelewa: "Bado tunasubiri jibu la benki. Usilipe tena. Oda yako ni KM-2741, tutakutumia meseji." Maneno hayo mawili, usilipe tena, yatakuokolea simu nyingi kuliko msimbo wowote.

Kimebaki kitu kimoja kinachonisumbua kwenye logi yako. Hata mteja asiporudi kabisa, hata simu ikimzimikia katikati ya ziwa, lango lilipaswa kuiambia seva yako moja kwa moja kwamba KM-2741 imelipwa. Taarifa hiyo kwenye dashibodi nyingi huitwa IPN au webhook. Sioni ombi lolote la namna hiyo kwenye logi, si saa 4:19 wala baadaye. Ama hujaweka anwani yake kwenye dashibodi, ama uliiweka ile ya majaribio ukasahau kuibadilisha mlipoanza kazi rasmi. Iangalie leo. Na kwa sababu taarifa hizo nazo hupotea, weka kazi ya nyuma ya pazia inayozipitia kila baada ya dakika kumi oda zote zinazosubiri na kuliulizia lango moja moja.

Kazi hiyo ukiiwasha mara ya kwanza, isiishie kwa mteja wa Nansio. Irudishe nyuma mpaka siku mlipofungua malipo ya kadi. Oda zitakazogeuka kuwa zimelipwa, anza kupiga simu kwa ya zamani zaidi, kwa sababu huyo amekaa muda mrefu kuliko wote akiamini kwamba duka la Kirumba limekula hela yake. Kabla ya kumpigia, angalia kama namba yake ya simu ina oda nyingine ya kiasi kilekile siku ileile. Ikiwepo na imekamilika pia, alilipa mara mbili, na unachomdai ni uvumilivu wa siku chache tu fedha za oda moja zirudi kwenye kadi yake.